Kilichomo Katika Safari ya Siku Moja

Shamba la mkonge nililokuwa nikifanyia kazi lilifunga ofisi yake wakati wa kiangazi. Nilikuwa mpiga chapa. Meneja alituita mmoja mmoja, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba shamba linatafutiwa mnunuzi, na mnunuzi akija atakuja na watu wake. Hakuwa mtu mbaya. Aliniruhusu niondoke na mashine moja ya kuandikia iliyokuwa imetupwa stoo, kwa sababu herufi yake ya g ilikuwa imekatika mkia na hakuna aliyeitaka. Niliibeba kichwani, nimeifunga kwa kanga, hadi nyumbani kwetu Kilosa mjini. Mama aliponiona kwa mbali akadhani nimeleta cherehani, akafurahi. Alipoona ni mashine ya kuandikia akasema, "Haya, karibu nayo," akarudi jikoni.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Waliokuwa makarani wakawa wauza mitumba, na waliokuwa walinzi wa ghala wakafungua vioski mbele ya ghala lile lile. Kila mtu alikuwa anaanzisha kitu. Mimi nilianzishiwa na mtu mwingine.

Alikuwa mzee mmoja wa Mikumi, mume wa shangazi wa rafiki yangu wa shule. Alikuwa dereva wa hifadhi kwa miaka mingi hadi alipopunguzwa kazi, na kwa kiinua mgongo chake akanunua Landrova ndefu kwenye mnada wa magari ya serikali. Fundi wa pale Mikumi akamkatia dirisha la juu, akamtengenezea viti vya kukaa watu saba kwa raha. Akapata leseni baada ya safari nyingi za Dar es Salaam ambazo hakupenda kuzisimulia. Halafu akapanga chumba kimoja kando ya barabara kuu, nyuma ya gereji, akaketi kungoja wageni.

Wageni hawakuja. Waliopita barabarani walikuwa tayari ndani ya magari ya makampuni ya mjini, madirisha yamefungwa. Tuliwaona wakipita kwenda geti la hifadhi asubuhi na kurudi jioni, na Mzee alikuwa akiwapungia mkono kwa adabu, kwa sababu baadhi ya madereva wao alikuwa amewafundisha kazi.

"Wana karatasi," aliniambia siku aliponiita nikafika na mashine yangu. "Mgeni anaisoma akiwa bado kwao. Sisi hatuna karatasi."

"Kwa nini tusiwaandikie watu wa Kilosa?" nilimuuliza.

"Watu wa Kilosa wanataka kuona wanyama? Nguruwe mwitu wanamaliza mahindi yao kila mwaka."

"Nimezaliwa Kilosa, Mzee, na sijawahi kumwona twiga."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake hajawahi kuonja chumvi. Alikuwa ameishi na twiga maisha yake yote ya kazi. Jioni ile akanipeleka ndani hatua chache kupita geti, bila kunieleza tunakwenda wapi, na twiga walikuwa wanne karibu na barabara, wakitutazama kutoka juu ya migunga. Tulipogeuza gari akasema, "Basi andika."

Kuandika kukachukua wiki mbili. Watu hudhani karatasi kama ile ni maneno matamu tu. Ukiuza maandazi mteja anayaona, anayagusa, anachagua. Sisi tulikuwa tunauza siku ambayo haijafika. Mteja anatoa fedha zake leo kwa ajili ya Jumamosi, na kitu pekee alicho nacho mkononi ni karatasi. Kwa hiyo karatasi ilibidi ifanye kazi mbili: imtie mtu hamu, na imwambie bila kuficha atapata nini na hatapata nini.

Mzee alipenda kazi ya kwanza. Alitembea ndani ya chumba kile kidogo akiniamuru niandike. "Andika: Njoo umwone simba akinguruma mbele ya macho yako."

"Na asipomwona?"

"Atamwona."

"Mzee, wewe umeniambia kuna wiki nzima hupita hujamwona hata mmoja."

Tukaandika kwamba simba wapo, na kwamba mara nyingine huonekana kwenye nyasi au chini ya kivuli, lakini wanyama hawawekeani miadi na watu. Sentensi ile ilikuwa yangu na niliipenda. Tukaandika uwanda wa Mkata wakati jua linapopanda, makundi ya nyati, pundamilia na nyumbu, viboko bwawani, tembo wakivuka barabara bila haraka. Mahali pa njia tukaandika kwamba kutoka Kilosa hadi Mikumi, kwenda na kurudi, gari litapita Ulaya. Mgeni asiyejua kwetu angeshangaa, lakini Ulaya ni kijiji chetu, kipo pale njiani, kina mashamba ya mahindi na watu wake wamechoka kutaniwa. Katibu wa misheni aliyeturuhusu kutumia mashine ya kurudufu alicheka hadi akavua miwani. Alisema, "Hii peke yake itawaletea watu. Kwenda Ulaya na kurudi siku hiyo hiyo, bila pasi."

Kazi ya pili aliipenda mke wa Mzee, ambaye ndiye angepika. Nilimsomea orodha akiwa anachambua mchele. Nilikuwa nimeandika: chakula cha mchana kimo.

"Chakula gani?" aliuliza.

"Wali na kuku, Mama."

"Basi andika wali na kuku. Na uandike kipande kimoja. Usipoandika kipande kimoja, mtu atadhani kuku ni wa kwake. Na aliyemchinja atajwe, Waislamu wajue wanaweza kula. Soda ni ngapi?"

"Moja."

"Andika moja. Maji ya kunywa yaliyochemshwa, hayo wanywe watakavyo."

Ndivyo zilivyozaliwa zile safu mbili chini ya karatasi. Upande wa kushoto, KILICHOMO: usafiri kutoka stesheni ya Kilosa na kurudi, kiingilio cha hifadhi cha raia, ada ya gari, dereva anayeijua hifadhi, chakula cha mchana kama kilivyoelezwa, soda moja, maji. Upande wa kulia, KISICHOMO: bia, soda ya pili, filamu ya kamera, zawadi kwa dereva. Saa zilikuwa pale pale: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kuingia getini saa mbili na nusu, chakula saa saba, kutoka hifadhini saa tisa, kufika Kilosa kabla ya saa moja jioni. Na mstari mmoja wa kusema kwamba masika hakuna safari, kwa sababu barabara ya Kilosa wakati wa masika si ya kuahidiana.

Safu ya kushoto ilionekana fupi. Hapo ndipo nilipokosea.

Kulikuwa na brosha ya kampuni ya kaskazini ambayo abiria mmoja aliiacha gereji. Karatasi yake iling'aa, ina picha za rangi. Mojawapo ya vitu walivyoorodhesha ilikuwa kutembea kwa miguu saa moja pamoja na mwongozaji. Niliona ni jambo zuri, tena halina gharama. Nikaliandika kwa Kiswahili, nikaliweka mwisho wa safu: matembezi ya miguu, saa moja. Baadaye niliisoma upya ile brosha na kuona kwamba matembezi yao yalikuwa katika mashamba ya kahawa kijijini, si hifadhini kabisa. Lakini wakati ule nilisoma haraka, kama msichana anayejiamini. Mzee aliangalia saa na bei, akaona ziko sawa, akatia sahihi. Stensili ikishachapwa ni shida kuisahihisha, na hakuna aliyeona sababu ya kuisahihisha. Tukarudufu karatasi mia, mimi nikazipeleka Kilosa: stesheni, hospitali, shule, misikitini na makanisani, kwa wauza duka waliokubali kuzibandika.

Wa kwanza kuja na watu wa kujaza gari alikuwa mkunga mstaafu wa hospitali ya Kilosa.

Kila mtu mjini alimjua, na nusu ya vijana alikuwa amewapokea yeye mwenyewe, mimi nikiwemo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu, anayetembea kama mtu aliyeitwa wodini. Alinikuta kwetu Jumapili, nikiwa nasuka nywele za mdogo wangu barazani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika hii?"

Alikuwa ameikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mkoba. Aliikunjua juu ya goti, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa safu ya kushoto.

"Haya matembezi. Yako wapi?"

"Hifadhini, Mama."

"Kwa miguu? Juu ya ardhi yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nitakuja. Nitakuja na wenzangu sita." Akaikunja karatasi tena kwa mikunjo ile ile. "Wanyama nitawaona vile vile, si vibaya. Lakini nataka hayo matembezi."

Sikumwuliza sababu. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba viti vyote saba vimepata watu.

Jumamosi ile Mzee alifika Kilosa tangu jana yake, akalala kwa ndugu yake, na saa kumi na mbili kasorobo Landrova ilikuwa mbele ya stesheni imeoshwa hadi matairi. Wanawake saba walikuja na kanga za jozi, viatu vya kanisani na vikapu, ingawa karatasi ilisema chakula kimo. Wawili walikuwa wake wa wafanyakazi wastaafu wa reli. Mmoja alikuwa mwalimu, mmoja aliuza samaki sokoni, na wengine walikuwa majirani wa mkunga wa miaka mingi. Waislamu na Wakristo, wote watu wazima. Mimi nilikaa mbele na Mzee, kwa sababu mkewe alikuwa Mikumi na sufuria zake, na alitaka mtu wa kumsaidia kugawa.

Ulaya tulipita jua likichomoza. Mwalimu alimwomba Mzee asimame. Wakashuka wote saba, wakasimama karibu na kibao cha kijiji, wakapigwa picha moja kwa kamera ya kuazima. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli yenye magunia ya mkaa aliwasalimu, akawaambia, "Karibuni Ulaya, mmechelewa, baridi imekwisha." Walicheka hadi Mikumi.

Mkunga alicheka nao, lakini mara kwa mara aliinama kutazama nje pande zote mbili, kama mtu anayetafuta nyumba asiyokumbuka ipo mtaa gani.

Getini askari alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi chini ya Mzee. Walisalimiana kwa heshima. Askari akaandika majina, akakata stakabadhi, halafu kama ilivyo kawaida akaja dirishani kuwaeleza abiria sheria: kutotupa taka, kutopiga kelele, kutolisha wanyama, na kutoshuka garini isipokuwa mahali palipowekwa alama ya kushukia.

Mkunga akanyoosha mkono wenye karatasi. "Na matembezi?"

"Matembezi gani, Mama?"

"Haya hapa. Saa moja."

Askari aliisoma. Akamtazama Mzee. Mzee akachukua karatasi, akaisoma mstari ule kana kwamba ni wa lugha nyingine, kisha akanigeukia mimi. Sijawahi kusahau macho yale. Hayakuwa na hasira. Alikuwa amefanya kazi ndani ya hifadhi ile miaka yote bila kuvunja sheria moja, na sasa jina lake lilikuwa chini ya karatasi inayoahidi kuivunja.

"Nani ameandika hivi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi, Mzee."

"Umeyatoa wapi?"

Nikaeleza. Nilieleza mbele ya wanawake saba na askari mmoja, huku magari ya makampuni yakitupita kuingia. Nilisubiri mmoja wao aseme turudi, au aseme alijua tangu mwanzo kwamba mambo ya biashara ni uongo mtupu. Mzee akashuka, akaenda hadi dirisha la nyuma, akasimama kama alivyokuwa akisimama mbele ya wakubwa wake.

"Mama," alimwambia mkunga, "humu ndani hakuna kutembea. Ni hatari na ni marufuku. Kosa ni letu. Ukitaka, nakurudishia chako chote sasa hivi, na nitakupeleka Mikumi upumzike hadi wenzako watoke."

Mkunga akanyoosha mkono, akachukua karatasi yake. "Sikuja kurudishiwa," alisema. "Nilipokuwa kazini, mama akija na uchungu, humwambii nitakurudishia. Kilichoandikwa kimo ni kimo. Tuingie kwanza. Halafu wewe, baba, utatafuta pa kukitoa."

Tukaingia. Nataka kusema ile ilikuwa siku nzuri, kwa sababu ilikuwa, ingawa mimi niliipita kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Uwanda wa Mkata ulikuwa wa rangi ya ngano, na ukungu mwembamba ulikuwa haujaisha kwenye mabonde. Tuliona nyati wengi hadi yule muuza samaki akaacha kuwanyooshea kidole. Tembo jike na mtoto wake walivuka mbele yetu na Mzee akazima injini, tukasikia nyasi zikikatika mdomoni mwake. Simba hatukumwona. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu alisema, "Karatasi ilituambia," akaendelea kutazama.

Kwenye bwawa la viboko kulikuwa na alama ya kushukia. Walishuka, wakajinyoosha migongo, wakasimama mbali kidogo na maji wakiwatazama viboko wakipumua. Mkunga alivua viatu. Akatembea juu ya udongo hatua kama ishirini, hadi mahali Mzee alipomwambia inatosha, akasimama, akageuka huku na huku. Nilimfuata, nikijua kwamba hatua ishirini si saa moja.

"Si hapa," alisema.

"Si hapa nini, Mama?"

"Milima. Ilikuwa mkono wa kushoto, karibu. Hapa iko mbali, na iko nyuma." Akavaa viatu, akarudi garini.

Tulikula saa saba chini ya kivuli mahali pa mapumziko, mke wa Mzee ametuletea masufuria kwa gari la rafiki. Kila mtu kipande kimoja cha kuku na soda moja. Hakuna aliyeomba cha pili, isipokuwa maji. Mke wa Mzee aliposikia habari ya matembezi, hakunikemea. Alimwita mumewe pembeni, wakaongea kwa Kividunda, lugha ya kwao, na aliporudi Mzee alikuwa amepata jibu.

Tulitoka hifadhini saa tisa kama ilivyoandikwa, tukapita Mikumi, tukashika barabara ya Kilosa. Baada ya muda, mahali ambapo nyumba zimekwisha na miti imeanza, Mzee akasimamisha gari.

"Hapa ni nje ya hifadhi," alisema. "Barabara ni ya watu wote. Mbele kuna vijiji. Anayetaka kutembea atembee saa moja. Mimi nitakuja nyuma polepole. Atakayechoka apande."

Akatazama saa yake, akamwonyesha mkunga. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Walishuka wote, hata wale wenye magoti mabaya. Vumbi la barabara ile ni jekundu, na viatu vyao vya kanisani vilibadilika rangi kabla hatujafika kona ya kwanza. Landrova ilitufuata kwa gia ya kwanza, ikinguruma kama mzee anayesafisha koo. Wenye baiskeli walisimama kutupisha, wakitusalimu na kuuliza kama gari limeharibika. "Halijaharibika," mwalimu aliwajibu kila mmoja. "Tumelipia kutembea." Waliendelea na safari zao wakigeuka nyuma kututazama.

Tulipopita daraja dogo, miti ilipungua upande wa magharibi na milima ikatokea, ya buluu, karibu, mkono wa kushoto. Mkunga akasimama. Nilikuwa kando yake. Wenzake wakaendelea mbele wakiongea.

"Hii ndiyo," alisema.

Ndipo aliponisimulia, tukitembea, bila kunitazama. Baba yake alichukuliwa kwa lori kutoka kusini kuja kukata mkonge. Barua moja ilifika, halafu hakuna nyingine. Mama yake akamchukua yeye, mtoto wa miaka sita hivi, wakamfuata kwa miguu. Walikuja kwa vipande, wakikaa hapa siku tatu, pale wiki, mama akilima vibarua apate unga. Kipande cha mwisho kilikuwa hiki, kutoka Mikumi kwenda Kilosa, milima mkono wa kushoto muda wote, na miaka yote alidhani njia ile imemezwa na hifadhi.

"Watu wangu wakinisikia wananionea huruma," alisema. "Wanasema mlipata shida. Sikumbuki shida. Nakumbuka kwamba nilikuwa na mama peke yangu. Alinisimulia hadithi njia nzima. Alinitajia kila mti. Tulipofika tukampata baba, na baada ya hapo mama akawa wa watu wote. Akaenda kuanika mkonge, wakaja wadogo zangu, akawa anarudi amechoka. Hakuwa mbaya. Lakini ile sauti ya njiani sikuisikia tena."

Nilimwuliza hadithi zenyewe zilikuwa zipi.

"Nimezisahau," alisema. "Nakumbuka tu kwamba ziliisha tulipofika." Kisha akatabasamu, akaniambia mti uliokuwa mbele yetu ni mninga, na ule wa nyuma yake ni mtondoo, na akaendelea hivyo hivyo, mti kwa mti. Mingine aliikosea. Mzee alinieleza baadaye kwamba alimsikia kupitia dirishani, na hakumsahihisha.

Saa kumi na moja na dakika tano Mzee alipiga honi mara moja. Mkunga alikuwa wa mwisho kupanda. Alipoketi alifungua mkoba, akatoa ile karatasi na kalamu ya wino, akaweka alama ya vema mbele ya mstari wa mwisho. Nilitaka kuomba radhi tena. Akaniwahi.

"Mwanangu, uliandika kitu usichokijua. Ukiwa na bahati kinatokea kizuri. Usizoee."

Tulifika Kilosa saa moja na robo, tumechelewa kwa robo saa, na Mzee akawaomba radhi kwa robo saa hiyo.

Jumatatu tulikaa mezani na kuandika karatasi upya. Nilidhani Mzee ataufuta ule mstari. Alitembea chumbani, mikono nyuma, kisha akasema, "Andika: matembezi ya miguu saa moja, nje ya hifadhi, barabara ya Mikumi kwenda Kilosa, gari likifuata nyuma. Andika pia: viatu vya kufaa." Nikaandika. Upande wa kulia aliongeza mwenyewe, kwa mkono, kabla sijachapa: kushuka garini ndani ya hifadhi isipokuwa mahali palipowekwa alama. Akasoma yote kwa sauti, kila neno, kutoka juu hadi chini, na tangu siku ile hakuna karatasi iliyotoka ofisini kwetu bila yeye kuisoma hivyo. Ilinichosha sana. Sasa naona ilikuwa shule.

Watu wa Kilosa waliendelea kuja, walimu hasa, na vikundi vya wanawake. Waliuliza matembezi kabla ya kuuliza tembo. Sijui waliambizana nini. Kwa misimu mitatu ya kiangazi hatukukosa safari ya Jumamosi, na katikati ya wiki Mzee aliwachukua hata wageni waliokwama Mikumi kwa sababu magari yao yameharibika. Halafu makampuni ya mjini yakaanza kushusha bei, Landrova ikaanza kudai vipuri ambavyo havikupatikana, na Mzee akaona dalili kabla yangu. Aliliuza gari kwa mtu wa mbao. Mimi nikaenda Morogoro, nikapata kazi kwenye duka la kuchapa, ambako baadaye kompyuta zikaja na kila kosa likawa rahisi kufuta.

Mara ya mwisho nilimkuta Mzee kijijini Tindiga, kwenye jaruba la mpunga la mkwewe, akiwa na kopo lenye mawe la kufukuzia ndege. Mkewe alinipa mkeka na uji wa mchele mpya. Nilitaka tuzungumze habari za zamani, na nilikuwa nimejiandaa njiani. Yeye alitaka tuzungumze habari za kwelea kwelea, wale ndege wanaomaliza mpunga, jinsi wanavyoshuka kama wingu saa ile ile kila asubuhi, na jinsi ambavyo ukiwatazama kwa muda mrefu unagundua kwamba kuna mmoja anayetangulia. Alinyoosha kidole angani. Nikainuka kwenye mkeka, nikaenda kusimama karibu naye ili anionyeshe ni yupi.